Tawi la Gede linakula hasara: lifungwe leo, au mkataba uishe kwanza?

Mtu akifunga duka Malindi, habari hufika sokoni kabla hajashusha bango. Mmoja atasema, "Angelifunga zamani." Wa pili, "Huyo anakimbia pango." Wa tatu, ambaye hupenda kufariji, "Wateja wake watamfuata tu." Mimi kazi yangu ni kuandika na kukagua vitabu vya wafanyabiashara wadogo, na sentensi hizo nazisikia kila mwaka, hasa mwezi wa tano, mvua inaponyesha na Watamu imelala. Kila moja ina hesabu nyuma yake, na mara nyingi anayeisema hajaifanya.

Tuifanye kwa mfano mmoja. Nimeuchora kutokana na maduka kadhaa na kuzisawazisha tarakimu ili zisomeke. Kuna duka la spea za pikipiki mjini Malindi, na tawi lake liko Gede, karibu na njia panda ya kwenda Watamu. Linauza tairi, tyubu, cheni, plagi, oili na vidude vya breki. Mwenyewe aliniletea karatasi ya mwaka mzima na kusema, "Tawi linanila 50,000 kwa mwezi. Nalifunga."

Kwanza maneno matatu, maana bila hayo tutazungushana. *Faida ghafi* ni pesa inayobaki ukitoa bei uliyonunulia mali kwenye bei uliyouzia. Kodi, mshahara na stima havijaguswa bado. *Gharama zinazoondoka* ni zile ambazo ukifunga tawi leo, mwezi ujao hutazilipa. *Gharama zinazobaki* utazilipa, tawi liwepo lisiwepo. Ugomvi wote wa kufunga tawi uko kwenye kujua kila gharama ni ya kundi gani, na mhasibu mvivu huzichanganya zote pamoja.

Tawi la Gede linauza, kwa wastani wa miezi 12, mali ya shilingi 360,000 kwa mwezi. Nasisitiza miezi 12. Ukichukua Mei peke yake utalifunga duka zuri, na ukichukua Desemba utaliacha wazi duka bovu. Faida ghafi ni robo ya mauzo, yaani 90,000. Pango ni 35,000. Wafanyakazi wawili, pamoja na michango ya mwajiri ya NSSF na nyumba, ni karibu 47,000. Stima, mlinzi, leseni ya kaunti ikigawanywa kwa miezi, na nauli ya kupeleka mali ni 18,000. Jumla ya gharama za pale pale Gede ni 100,000, kwa hiyo tawi lenyewe linapoteza 10,000 kwa mwezi.

Hizo 50,000 zilitoka wapi? Mhasibu alichukua gharama za makao makuu (mshahara wa mwenyewe, riba ya mkopo wa pikapu, karani) na kulibebesha tawi sehemu yake, 40,000. Kuna sababu za kufanya hivyo kwenye vitabu. Lakini Gede ikifungwa, mkopo wa pikapu haupungui hata senti, na karani bado atataka mshahara wake. Ni kama familia inayogawana bili ya maji kwa idadi ya vichwa: mtoto mmoja akienda kusoma Mombasa, fungu lake halifutiki, walobaki wanalibeba. Zile 40,000 zitahamia kwenye daftari la duka la mjini. Hasara inayozungumzwa ni 10,000, na hata hiyo bado hatujaichokonoa.

Tufike kwenye pango, maana hapo ndipo watu wengi huumia.

Mkataba wa Gede ni wa miaka 5 na miezi 3. Mwenye duka hakuwahi kujiuliza ile miezi 3 ya nini. Kenya tuna sheria ya zamani ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5. Mpangaji wa namna hiyo hafurushwi wala kupandishiwa kodi kiholela. Mwenye jengo sharti atoe notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Wenye majengo walijifunza kuikwepa kwa kuandika miaka 5 na miezi 3, au 6. Basi mpangaji anayetia sahihi hapo hupoteza ulinzi huo, na yeye pia hujifunga kwa muda wote ulioandikwa, isipokuwa mkataba una kipengele cha kuondoka mapema. Kipengele hicho, kikiwapo, kwa kawaida hutaka notisi ya miezi 3 au 6. Cha Gede hakikuwapo. Siku tuliyokaa kuhesabu, mkataba ulikuwa na miezi 14 mbele yake.

Watu husema, "Rudisha funguo, mwachie diposti, yameisha." Hayajaisha. Diposti hapa ni ya miezi miwili, 70,000. Pango lililobaki ni miezi 14 mara 35,000, yaani 490,000. Mwenye jengo akipokea funguo bila kuandikiana, anaweza kusema baadaye kwamba alizihifadhi tu. Ukienda mahakamani huenda ukapunguziwa, huenda usipunguziwe. Mpango wa biashara haujengwi juu ya kesi ambayo haijasikizwa.

Sasa angalia jambo ambalo lilimnyamazisha mwenye duka. Kama pango atalilipa kwa miezi 14 afunge asifunge, basi kwa miezi hiyo pango si gharama inayoondoka. Litoe kwenye mizani. Zinazoondoka ni mishahara 47,000 na zile 18,000, jumla 65,000. Tawi linaleta 90,000. Maana yake, kila mwezi linaokoa 25,000 zinazosaidia kulipa pango ambalo lingelipwa hata mlango ukiwa na kufuli. Duka linalopoteza 10,000 likiwa wazi linapoteza 35,000 likifungwa. Mwenye duka alirudia sentensi hiyo mara mbili kwa sauti, kisha akaagiza kahawa.

Lakini hesabu haijafika mwisho, maana hatujawaweka wateja.

Swali la wateja watakaofuata hujibiwa kwa moyo, na moyo wa mwenye duka humwambia nusu. Kutoka Gede hadi Malindi mjini ni kama kilomita 15. Mwendesha bodaboda aliyepasukiwa na tyubu Gede saa nne asubuhi hatakuja Malindi. Atanunua kwa jirani na kuendelea na kazi. Alikuzoea wewe kwa sababu ulikuwa karibu, na ukaribu ukiondoka, mazoea huondoka nao. Fundi wa gereji ni mtu mwingine. Yeye hununua kwa wiki, hununua kwa daftari, anajua kwako kuna spea halisi na bandia zimetenganishwa, na ukimletea mlangoni hana haja ya kujua duka liko wapi.

Tulifungua taarifa ya till ya M-Pesa ya miezi mitatu na kitabu cha wadeni, tukatafuta majina yanayojirudia. Mafundi wa gereji walikuwa wananunua asilimia 40 ya mauzo, lakini kwa bei ya jumla, kwa hiyo faida yao ilikuwa 26,000 tu kati ya zile 90,000. Waliobaki, 64,000, walikuwa wapita njia. Hapa ndipo kipimo cha mauzo hudanganya: asilimia 40 ya mauzo inasikika kama karibu nusu ya duka, kumbe ni chini ya theluthi ya faida.

Kisha tukajaribu kabla ya kuamini. Pikapu ya duka hupita Gede mara mbili kwa wiki ikielekea Watamu. Kwa mwezi mmoja mafundi waliambiwa wanaweza kuagiza kwa simu kutoka Malindi na kuletewa. Hawakuambiwa lolote kuhusu kufunga. Sita kati ya kumi ya manunuzi yao yalihamia kwenye simu bila kusukumwa. Hiyo ni faida ya takriban 15,600. Kwa wapita njia tulikisia kidogo sana, 2,400, wale wanaokuja Malindi sokoni kwa shughuli zao. Jumla 18,000 kwa mwezi, nayo haina mshahara mpya wala pango jipya nyuma yake.

Mizani ikawa hivi. Akibaki wazi, tawi linaokoa 25,000 kwa mwezi. Akifunga huku akilipa pango lote, wateja waliofuata wanaleta 18,000. Kubaki kunashinda kwa 7,000 kila mwezi, na kwa miezi 14 ni 98,000. Ili kufunga kushinde, wateja wangepaswa kufuata na faida ya zaidi ya 25,000 kati ya 90,000, kama asilimia 28. Kipimo chetu kilitoa 20. Lakini mkataba ukiisha, pango nalo linaingia kwenye gharama zinazoondoka, na picha inageuka kabisa: kubaki ni kupoteza 10,000, kufunga ni kupata 18,000. Hakuna sababu ya kuongeza mkataba hata siku moja. Kwa hiyo tawi lile lilikuwa la kufungwa. Kilichobaki kujua ni tarehe.

Na tarehe inaweza kununuliwa. Hili watu husahau, kwamba mkataba ni makubaliano ya watu wawili, na watu wawili wanaweza kuuvunja kwa ridhaa. Mwenye duka aliuliza, "Nimpe ngapi mwenye jengo aniachilie?" Jibu linatoka kwenye mizani ile ile. Akiachiliwa leo, kila mwezi anaacha hasara ya 10,000 na kupata zile 18,000: tofauti ni 28,000. Mara miezi 14 ni 392,000. Hiyo ndiyo dari. Chini yake, kulipa na kuondoka ni nafuu kuliko kungoja. Juu yake, kungoja ni nafuu. Nilimwonya asiitaje tarakimu hiyo hata usingizini. Mwenye jengo naye ana hesabu zake: akipata mpangaji mwingine mwezi ujao, kila anachopokea kwako ni cha juu. Ndiyo maana kabla ya kwenda kuzungumza, ni vizuri kuulizia nani anatafuta chumba pale barabarani. Kumletea mpangaji mkononi huzidi maombi, na mikataba mingi huruhusu kumkabidhi mtu mwingine kwa kibali cha mwenye jengo.

Wafanyakazi nao wana yao. Mwanamume mmoja, mshahara 24,000, ana miaka 6 na kidogo. Dada mmoja, mshahara 20,000, ana miaka 3 na miezi 8. Dhana ya mtaani ni kwamba unawapa mshahara wa mwezi mmoja, mnapeana mikono. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka zaidi. Kupunguza watu kwa sababu ya biashara, bila kosa lao, kuna utaratibu wake: barua kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba wa eneo, isiyopungua mwezi mmoja kabla, ikieleza sababu na kiasi cha upunguzaji, na kama ni wanachama wa chama cha wafanyakazi, barua huenda kwa chama. Kuna notisi ya mwezi au mshahara wake, siku za likizo ambazo hazijachukuliwa zinalipwa pesa taslimu, na juu yake malipo ya kuachishwa ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mahakama za ajira pia hutaka kuona kwamba mlizungumza kwa kweli kabla uamuzi haujawa wa mwisho. Barua inayoletwa Ijumaa na mlango kufungwa Jumatatu huonekana ilivyo.

Siku 15 kwa mwaka ni kama nusu mshahara. Kaka: 12,000 mara 6, ni 72,000. Dada: miaka iliyotimia ni 3, ile miezi 8 haihesabiwi, ni 10,000 mara 3, yaani 30,000. (Wengine hugawa mshahara kwa siku 26 za kazi badala ya 30, na kiasi hupanda, kwenye bajeti tenga kile kikubwa.) Jumla 102,000. Deni la likizo sikuliweka kwenye mizani, kwa sababu lilikuwa deni tayari, tawi lifungwe lisifungwe. Nalo la kuachishwa linakua: akingoja miezi 14, kila mmoja atakuwa ametimiza mwaka mmoja zaidi, nyongeza ya 22,000. Kwa hiyo kungoja kuna bei yake hapa pia, ingawa ndogo.

Kuruka utaratibu ndiko ghali. Mahakama ikiona mtu aliachishwa isivyo haki inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kwa kaka peke yake hiyo ni hadi 288,000, karibu mara tatu ya malipo ya wote wawili yaliyo halali.

Kisha kuna huruma, na hapa nakosana na watu. Mwenye duka alitaka kuwahamishia wote wawili mjini, "maskini, wana watoto." Ni neno jema. Ila mizani yote hapo juu ilisimama juu ya mishahara kuondoka. Wakihamia mjini ambako hakuna kazi yao, zile 47,000 zimerudi kwenye gharama zinazobaki, na kufunga kunakuwa kupoteza 90,000 ili kuokoa pango na zile 18,000 za stima na mlinzi, na kupata 18,000 za wateja waliofuata. Ikatokea kwamba kijana wa kaunta mjini alikuwa anaondoka kwenda Mombasa. Nafasi yake ingejazwa kwa vyovyote, kwa hiyo kumweka kaka wa Gede hapo hakugharimu kitu na kulifuta deni la 72,000. Hilo lilizungumzwa naye, akakubali, ikaandikwa. Kwa dada hakukuwa na nafasi, na kumweka bila kazi kungemtafuna yeye na duka pole pole.

Mambo mawili madogo yanayoharibu mipango mizuri. Mali iliyoko rafuni Gede haipotei. Inahamia Malindi na kupunguza manunuzi ya miezi inayofuata. Spea za pikipiki zisizopita tena barabarani zitauzwa kwa hasara, lakini hizo zilikuwa zimekufa zamani, kufunga kumezifunua tu. La pili ni daftari la madeni. Mafundi walikuwa wanadaiwa 85,000. Mteja anayejua kesho atakuja tena kukopa, hulipa. Akisikia duka linafungwa, simu huanza kuzimika. Kwa hiyo makusanyo huanza kabla ya tangazo, na wale wanaolipa vizuri ndio wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya kuletewa na pikapu.

Mwenye jengo alianza na miezi 10. Mwenye duka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukasirika. 350,000 ilikuwa chini ya dari yake, lakini alitaja miezi 3 na kumwambia kuna mtu wa agroveti anayeuliza chumba. Walikutana kwenye 5, yaani 175,000, diposti ya 70,000 ikiwa ndani yake, na mwenye duka apake rangi na kung'oa rafu. Rangi ingepakwa hata mkataba ungeisha wenyewe, kwa hiyo sikuihesabu. Waliandikiana mbele ya wakili kwamba mkataba umevunjwa kwa ridhaa na hakuna anayemdai mwenzake, tarehe ikaachwa wazi hadi mwezi wa notisi upite. Barua ya dada na ya afisa wa leba zilitoka wiki hiyo hiyo. Dada alisoma yake, akauliza jambo moja: kama tarehe ya mwisho inaweza kusogezwa hadi mwisho wa Machi, kabla mvua za kusi hazijaanza, kwa sababu mwezi huo bado kuna wateja na yeye ana kamisheni kwenye tairi. Ilisogezwa.